Mama Wiki na Siku Kumi na Mbili

Jina lake la kadi ya kazi lilishasahaulika. Kliniki nzima ya wajawazito, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, ilimwita Mama Wiki, na yeye aliitika. Alikuwa muuguzi wa uzazi mwenye miaka kumi na sita kazini, mdomo mkali, mkono mwepesi, na bati la peremende ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Ndani ya bati hilo hamkuwa na peremende. Mlikuwa na mbegu. Kila Jumatatu asubuhi alipowakusanya akina mama wapya kwenye mabenchi ya mbao, alilifungua na kuanza.

"Haya, mabibi, sikilizeni, sirudii. Wiki mbili za kwanza hamna kitu tumboni. Tunahesabu kutoka siku ya kwanza ya damu yako ya mwisho, kwa hiyo unapewa wiki mbili za bure. Wiki ya tatu yai linakutana na mbegu ya baba. Ya nne linajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Ya tano, huyu hapa." Alinyanyua punje ya ufuta. "Anatosha kwenye ncha ya kidole, na tayari moyo umeanza kujengwa."

Kisha choroko, wiki ya sita: moyo unadunda, mfereji wa ubongo na uti wa mgongo unajifunga, vichipukizi vya mikono na miguu vinatokeza. "Ndiyo maana nawapigia kelele za vidonge vya foliki mapema. Ukija kuvianza mwezi wa nne, mfereji ulishafunga kitambo." Njegere, wiki ya saba. Haragwe, ya nane, vidole vimeanza kuonekana ila vimeshikana kama vya bata. Tende, ya kumi, kila kiungo kikubwa kimeshapata mahali pake na kimkia kimetoweka. Mwisho alitoa ndimu mfukoni, maana ndimu haikai batini ikabaki ndimu: wiki ya kumi na mbili, matumbo yaliyokuwa yamejibanza ndani ya kitovu yamerudi tumboni, figo zinatengeneza mkojo, kucha zinaanza.

Hakukosekana mama mmoja wa kuuliza, "Na wewe, Mama Wiki, una wangapi?"

"Mimi ndiye mwenye gurudumu," alijibu, huku akionyesha lile gurudumu la karatasi ngumu la kuhesabia mimba lililoning'inia shingoni mwake. "Mwenye gurudumu hapandi." Walicheka, naye alicheka, na bati likafungwa.

Lakini ukweli ni kwamba alishapanda mara mbili. Mara ya kwanza aliteremshwa kwenye haragwe: mimba iliharibika wiki ya nane. Mara ya pili ilikuwa wiki ya tisa, akiwa amesimama palepale mbele ya mabenchi. Alimaliza somo kwanza, ndipo akaenda chooni kuona damu. Alirudi kazini baada ya siku nne. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, alimtengenezea kiti kipya cha chuma chenye mgongo mzuri, akakiweka barazani bila kusema ni cha nini.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa na mimba ya tatu.

Hakumwambia mtu ila mumewe na mpiga picha wa ultrasaundi, ambaye kwa kushinda kwenye chumba chenye mapazia meusi walimwita Bwana Giza. Siku ya Alhamisi, wagonjwa walipokwisha, alijilaza kitandani akijikaza kisabuni.

"Uko wiki ya ngapi, dada?"

"Ya saba na siku mbili. Nimezungusha mwenyewe."

Bwana Giza alisogeza kifaa polepole. Kawaida yake alikuwa mtu wa mzaha. Safari hii mzaha ulimkauka, na Mama Wiki, aliyemjua kwa miaka, akaona kabla ya kuambiwa.

"Sema."

"Naona mfuko wa mimba, uko mahali pake. Ndani yake naona kile kifuko kidogo cha lishe. Mtoto mwenyewe simwoni. Wala moyo."

"Kwa wiki saba na siku mbili?"

"Kwa wiki saba ningetarajia kumwona, sikufichi. Lakini kwa picha hii moja siwezi kukwambia kitu. Rudi baada ya wiki mbili, Alhamisi kama hii."

"Wiki mbili!" Aliketi ghafla, jeli ikimtiririka. "Wewe unajua wiki mbili ni nini? Mimi nimeshazikaa. Unakwenda haja ndogo unaogopa kuangalia chini. Njegere hayupo, basi hayupo. Niandikie nisafishwe, yaishe."

"Siandiki," alisema Bwana Giza. "Nikasirikie, nitukane, siandiki. Sheria unaifundisha wewe mwenyewe wanafunzi: mfuko ukiwa mtupu hivi, tunasubiri na kupima tena."

Alimkasirikia kweli. Alitoka bila kuaga, na kabla hajafika getini alishapiga simu kwenye zahanati moja ya kulipia mjini, ambako hawamjui na hawambembelezi mtu. Aliwatajia tarehe ya damu ya mwisho, akaeleza kilichoonekana, kwa ile sauti yake ya kikazi isiyoacha nafasi ya swali. Wakampangia kusafishwa Jumanne saa nne.

Mumewe aliposikia alifutafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kwani Bwana Giza kasemaje?" aliuliza hatimaye.

"Kasema tusubiri. Yeye hana tumbo."

"Mimi pia sina. Lakini wewe ndiye unayejua, mke wangu. Ukisema Jumanne, nitakwenda na wewe."

Neno hilo, wewe ndiye unayejua, lilimkaa kifuani siku tatu nzima. Alipika, alifua, alikaa kwenye kile kiti cha chuma, na kila alipofumba macho aliona ule mfuko mweusi usio na kitu. Ziwa likimuuma alijiambia ni mazoea ya mwili. Kichefuchefu kikimjia alikionea hasira, kama mgeni asiyejua kwamba sherehe imeahirishwa.

Jumatatu akaenda kazini. Angefanya nini kingine? Alifungua bati, akanyanyua ufuta, akanyanyua choroko, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Baadaye akakaa mezani kuandika kadi za wapya. Wa tatu kufika mbele yake alikuwa mshona nguo, binti mwenye sindano bado zimechomekwa kifuani, mimba yake ya kwanza.

"Siku ya kwanza ya damu ya mwisho?"

Akaitaja.

"Mzunguko wako huwa wa siku ngapi?"

"Ishirini na nane, mama, kama saa. Kwani ni muhimu?"

"Muhimu sana! Hili gurudumu limetengenezwa kwa mwanamke wa siku ishirini na nane. Aliye na mzunguko mrefu yai lake linachelewa kutoka, na mtoto anachelewa kuanza. Ukimzungushia tu hivi hivi, utamzidishia umri mtoto, halafu utakuja kumtafuta..."

Kalamu ilibaki hewani.

"Mama? Umeona kitu kibaya?"

Mama Wiki alilitazama gurudumu shingoni mwake. Tangu mimba ya pili iharibike, mwili wake ulibadilika. Siku zake zilikuwa zikija baada ya siku arobaini, wakati mwingine moja zaidi. Alikuwa akiziandika kwenye daftari dogo la jikoni, mpaka akachoka kuliangalia daftari lenyewe, akaliweka juu ya kabati. Swali analomuuliza kila mwanamke anayekaa kwenye kiti kile, maelfu kwa maelfu, hakujiuliza yeye. Alijua tarehe, akashika gurudumu, akazungusha, basi. Wala Bwana Giza hakumuuliza, maana nani amuulize Mama Wiki hesabu?

Arobaini kutoa ishirini na nane. Siku kumi na mbili.

Aligeuza kadi ya mshona nguo, akapiga hesabu nyuma yake kwa kalamu. Alhamisi haikuwa wiki ya saba na siku mbili. Ilikuwa ya tano na siku nne. Na wiki ya tano na siku nne, mtu anaona nini? Mfuko. Kifuko cha lishe. Mtoto aliye mdogo kiasi hicho, mashine inaweza kumpita bila kumwona. Kila alichokiona Bwana Giza kilikuwa sawasawa kabisa.

"Lo! Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga, mjinga, mjinga!"

"Mimi?" aliuliza mshona nguo.

"Si wewe, mwanangu. Wewe ni kama saa. Ngoja nikupe kadi nyingine, hii nimeichafua."

Alikwenda stoo ya dawa, akafunga mlango, akapiga simu kufuta ile Jumanne saa nne. Yule wa mapokezi aliuliza kama angependa kupangiwa siku nyingine. Alisema hapana mara tatu, na ya tatu ilikuwa kilio. Kesho tu! Siku moja tu ilikuwa imebaki, naye angekwenda kwa miguu yake mwenyewe, na tarehe yake mkononi. Jioni alimweleza mumewe hesabu mpya, na kesho yake Bwana Giza.

Msidhani hofu iliisha hapo. Ilibadilika tu. Kwanza alikuwa na hakika ya msiba. Sasa alikuwa na tumaini, na tumaini lina makali yake. Jumatatu ileile, ya sita na siku moja: mfereji unafunga siku hizi hizi, moyo unatakiwa uwe unadunda. Kama yupo. Jumapili iliyofuata, wiki ya saba: kichwa kikubwa kupita mwili, vivuli vya macho, mikono bapa isiyo na vidole. Kama yupo. Mume alimkuta jikoni amesimama na njegere moja kiganjani, chungu kinaungua.

"Ndiyo saizi yake?" aliuliza.

"Ndiyo. Kama yupo."

Aliichukua ile njegere, akaitazama sana, akaitia kwenye mfuko wa shati lake la kazi, akafunga kifungo.

Alhamisi ikafika. Mume alikuja na harufu yake ya chuma, akasimama karibu na pazia. Bwana Giza alisogeza kifaa. Mama Wiki aligeuzia uso ukutani. Miaka kumi na sita alikuwa amewashika wengine mkono kwenye kitanda hicho, na sasa hakujua mkono wake auweke wapi.

"Dada, geuka."

"Siwezi."

"Geuka, nakwambia. Milimita kumi na tatu. Na pale katikati, tazama."

Aligeuka. Ukingoni mwa ule weusi palikuwa na kidude cheupe kilichojikunja, na katikati yake kitu kikipepesa, kwa kasi, bila kumngoja mtu. Bwana Giza akafungulia mstari wa mapigo: mia moja arobaini na tatu kwa dakika. Nyuma ya pazia mtu mzima mwenye mikono ya kunyanyua mageti alikuwa akilia kwa sauti.

"Wiki ya saba na siku nne," alisema Bwana Giza. "Kwa hesabu yako mpya, haipungui hata siku." Kisha akaongeza taratibu, "Haragwe bado, dada. Unajua."

"Najua," alisema. Yeye ndiye aliyejua kuliko wote.

Jumatatu alifungua bati kama kawaida. Ufuta, choroko, njegere. Alipofika kwenye haragwe vidole vilimwia vizito, akalishika muda mrefu kidogo. Kwenye benchi la mbele mama mmoja mwenye kitenge kipya akaangua kicheko.

"Na wewe, Mama Wiki, una wangapi?"

Mkono wake ukaenda shingoni, kwenye gurudumu. Akalivua, akaliweka mezani kifudifudi.

"Jana," alisema, "niliingia haragwe. Niombeeni."