Nusu Pakiti Iliyobaki Nje

Kelebonye aliuza chai ya maziwa penye stendi ya Serowe, kwenye meza ya marehemu mama yake. Mwanamke wa kuota ndoto mchana huyo. Ukimsalimia asubuhi, huenda akakuitikia saa nne. Kila mwezi alinunua kopo moja kubwa la maziwa ya unga, kama mama yake, na nyumbani makopo matupu yalipanga foleni hadi dirishani. Kwetu pakiti ndogo ni ya mtu aliyeishiwa. Ukionekana nayo kikapuni, habari inakutangulia nyumbani.

Lakini kopo lilipanda bei, naye akaanza kupunguza kijiko. Mzee Modise, mteja tangu enzi za mama, akanung'unika. "Binti, hii chai au maji yaliyoona ng'ombe kwa mbali?" Kelebonye alitabasamu, akaenda kulia nyuma ya jiko. Jina la ile meza lilikuwa la mama yake, naye ndiye aliyekuwa akilizimua.

Mwisho wa mwezi alisimama dukani, mbele ya rafu, kwenye ule ubaridi unaopendeza. Alikuwa akimtazama ng'ombe wa kwenye kopo, akawa kama anamwona na mama yake akikoroga chai, macho yakateleza hadi kwenye kibandiko cha bei. Kopo, gramu elfu moja na mia nane, pula mia mbili. Chini yake, kwa maandishi madogo kama siafu: gramu mia, pula 11.11. Miaka yote alidhani ni namba za wenye duka. Pembeni pakiti ya maziwa yaleyale, gramu mia nne, pula arobaini. Gramu mia, pula kumi.

Akawa anatia pakiti kikapuni taratibu, kama aokotaye mayai.

"Wifi, umefilisika?" Mmapula, mke wa kaka yake, alikuwa nyuma yake. "Kubwa ndiyo nafuu, hata mtoto anajua."

"Pakiti tano ni mia mbili, wifi. Kopo nalo mia mbili."

"Sasa si sawasawa?"

"Tano zina gramu elfu mbili."

Mmapula alitazama kopo, akatazama pakiti. "Basi zifunike kwa kanga," akasema. "Watu wana macho."

Kelebonye hakuzifunika.

Nyumbani alishusha kopo kubwa la mama, lenye kutu ukingoni, akamimina. Pakiti nne zikaingia, na nusu ya tano, kopo likajaa pomoni. Nusu ikabaki mkononi. Aliketi nayo hadi jua likahama mlangoni, akiwaza ni nusu ngapi zilizolipia bati la makopo tu, miaka yote.

Kesho yake kijiko kilijaa kama zamani. Mzee Modise akanywa, akanywa tena. Kisha akauliza polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe:

"Mama yako karudi lini?"