Pampu Ilisema Sitini

Nilikuwa na kiburi mwaka ule, na sioni haya kukisema. Wadi yetu ya wanaume, katika hospitali moja ya Likasi, ilikuwa imepata pampu ya dripu, moja tu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimepelekwa Lubumbashi siku tatu kujifunza kuitumia. Nilirudi natembea kama niliyeiunda mwenyewe. Mama mkubwa wa wadi, muuguzi aliyehesabu matone kwa saa ya mkononi tangu kabla sijazaliwa, aliniachia pampu yote. Alisema macho yake hayapendi vitu vinavyowaka.

Asubuhi moja tulimpokea mzee mmoja mstaafu wa kiwanda. Alikuwa ameharisha siku mbili hadi ngozi ikalegea, kwa hiyo alihitaji maji. Lakini moyo wake ulikuwa dhaifu, na mwezi uliopita tu alikuwa amelazwa kwetu na maji kwenye mapafu. Akipewa kidogo mno, figo zitaumia. Akipewa mengi kwa haraka, atazama akiwa kitandani. Daktari aliandika: mililita sitini kwa saa, si zaidi, na kila saa muuguzi athibitishe kiasi kilichoingia.

Kazi ya pampu basi. Nilifungua droo ya mirija yake, nikakuta zimebaki karatasi za kufungia tu. Nikachukua mrija wa kawaida, ule wa matone tunaowafungia wagonjwa wote. Uliingia kwenye mlango wa pampu bila shida, mlango ukafungwa, na mimi nikaona ukishafungwa, umefaa. Nikafuta hesabu ya mgonjwa aliyetangulia, nikaweka kasi sitini, jumla mia tano, nikabonyeza. Ilikuwa saa mbili kamili.

Mzee alinitazama muda wote huo kama mkaguzi. Kisha akaomba plasta.

"Ya kufanya nini, baba? Uko na kidonda?"

"Apana. Ya kubandika pa mufuko ya maji. Minye nilifanya miaka makumi tatu ku kiwanda, kila saa kuandika maji ya citerne, ile tangi kubwa. Weka sparadra, tuandike mistari."

Nilicheka. Nilimwambia mashini ina akili kuliko citerne. Akasema citerne pia ilikuwa na mashini yake yenye akili. Nikamkatia plasta kumfurahisha, kama unavyompa mtoto kifuniko cha sufuria achezee, nikaibandika wima kwenye mfuko. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake wenye dripu, akafuata namba za mfuko na kuchora mstari kwa kila mililita sitini. Mistari yake ilinyooka kuliko sahihi yangu.

Saa tatu nilipita. Kioo cha pampu kilisema sitini. Nikaandika sitini kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri.

"Mama," akasema mzee, "maji imepita mustari ya kwanza. Iko katikati ya kwanza na ya pili."

"Mufuko unakunjamana, baba. Ndiyo maana."

"Ah, mufuko," akasema, kwa adabu iliyonichoma kidogo.

Saa nne kioo kilisema mia na ishirini. Nikaandika mia na ishirini. Mzee alikuwa amejiegemeza juu zaidi kwenye mto, jambo ambalo ningepaswa kuliuliza, lakini nilikuwa nashughulika na mwandiko.

"Saa ni ya pili," akasema, "lakini maji iko pa mustari ya tatu. Ku kiwanda, mukubwa angesema: mufuko unakunjamana."

Hapo nilikasirika. Nilimwambia kwamba mashini haikosei, kwamba yeye alichora mistari mkono ukitetemeka. Akakohoa mara moja, kikohozi kidogo kikavu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa mara mbili na bado nikaenda kunywa chai.

Saa tano ndiyo iliyonitoa jasho. Kioo kilisema mia na themanini, kwa utulivu kabisa. Mzee alikuwa amekaa wima, anapumua kwa haraka, na hakunitania hata kidogo. Ukimya wake ndio uliofanya niangalie mfuko. Maji yalikuwa yamepita mstari wa nne na kufika nusu ya njia ya kuelekea wa tano. Nikahesabu kwa kidole. Mia mbili na sabini. Nikahesabu tena, nikitumaini hesabu ibadilike kwa kunihurumia.

Nilifunga mrija pale pale na kusimamisha pampu. Nikamhesabia pumzi, zilikuwa thelathini kwa dakika. Nikaweka stethoskopu mgongoni kwake, na chini ya mbavu nikasikia mchakacho ule wa maji ninaoujua. Nilikuwa nimeogopa vitu vingi maishani, lakini kitu nilichokifanya kwa mikono yangu mwenyewe sikuwahi kukiogopa hivyo. Nilikimbia kumwita daktari.

Daktari alimpa sindano ya kukojoza, akaagiza dripu ipumzike. Kisha akafungua mlango wa pampu, akavuta mrija, akaninyooshea. Pampu ile husukuma maji kwa kuubana mrija, na inachojua ni upana wa mrija wake yenyewe. Ukiipa mwingine mpana zaidi, kila mbano unatoa zaidi, na yenyewe inaendelea kuhesabu kama kawaida. Namba niliyokuwa naithibitisha kila saa ilikuwa ni ile ile niliyoiingiza mwenyewe asubuhi. Ni kama mwanafunzi aliyejisahihishia mtihani na kujipa pongezi.

Mchana mzee alikojoa sana, na pumzi zikashuka. Tukaanza tena bila pampu: matone ishirini kwa dakika, ambayo kwa mrija ule ni mililita sitini kwa saa, na macho kwenye plasta. Nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu, na yeye akarudia utani wake.

"Sasa weye pia ni muntu wa citerne," akasema.

Kisha akaomba karatasi yangu. Aliisoma polepole: sitini, mia na ishirini, mia na themanini.

"Iko muzuri," akasema. "Ni uongo, lakini iko muzuri."

Nilikata kila namba kwa mstari mmoja, ili ya zamani isomeke, nikaandika pembeni tisini, mia na themanini, mia mbili na sabini, nikatia sahihi mara tatu.

Jioni mama mkubwa alipokuja kupokea zamu, aliichukua karatasi ile. Aliangalia namba zilizokatwa, akaangalia pampu iliyozimwa kwenye kona, akaangalia plasta. Nilingoja maneno. Badala yake akamgeukia mgonjwa.

"Huyu mutoto alionaje kama maji ilizidi, baba?"

Mzee hakusita hata kidogo.

"Aliangalia."

Alinipa ile zawadi kwa sauti ya kawaida, huku akijifunika blanketi, na ningeweza kuichukua. Mama mkubwa alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijisikia vibaya kuliko ambavyo ningejisikia kwa matusi.

"Apana, mama," nikasema, nikimwonyesha mzee kwa kidole. "Ye njo aliangalia. Minye niliandika tu."

Mama mkubwa akanirudishia karatasi na kalamu, akaniambia niandike na hilo pia.