Ankara Mbili za Magunia

Mwezi wangu wa pili kazini, kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa pale Omurushaka, nilikuwa na kiherehere cha mtu aliyetoka chuoni juzi. Mhasibu alikuwa mzee jirani yetu wa Nyaishozi, na ndiye aliyeniombea kazi. Mimi naingiza ankara kwenye kompyuta, yeye anakagua na kutia saini, meneja anaruhusu benki ilipe.

Siku ya kufunga mwezi nikalinganisha taarifa ya muuza magunia na vitabu vyetu. Kwake ankara moja, malipo mawili. Kwetu ankara mbili: 318 na 0318. Tarehe ile ile, kiasi kile kile, na hati ya kupokea mzigo moja tu. Ya kwanza iliingizwa kutoka kwenye picha ya simu, ya pili ni karatasi yenyewe, iliyokuja na lori. Kompyuta yetu hukataa namba iliyokwishaingia, lakini ile sifuri ya mbele iliipumbaza. Na kwenye zote mbili, saini ya mzee.

Nikajisemea, kumbe mzee anakula! Alikuwa meza ya pili, ningemuuliza tu. Lakini wapi, mjuaji mimi! Nikampita na karatasi zangu mpaka kwa meneja. "Tumelipa mara mbili," nikasema, "na aliyesaini ni yule pale."

Meneja akamwita, mlango wazi, ofisi nzima imetega masikio. Kisha akafungua kompyuta aone nani aliingiza ile ya pili. Jina langu! Wiki yangu ya kwanza nilipewa rundo la ankara, nikaziingiza mbio mbio nipate sifa, hata sikutazama kama mzigo ule ulishalipiwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa bado kwenye majaribio, na kosa lile lingenirudisha nyumbani. Mzee alilijua hilo.

"Waitu, msimlaumu binti," akasema kwa heshima ya kwetu. "Mimi ndiye nilimwambia aingize."

Uongo mtupu. Nikakusanya karatasi zangu, nikarudi mezani kwangu.

Fedha haikupotea. Muuzaji alikubali iliyozidi ikatwe kwenye ankara ijayo, nasi tukaibatilisha ile ya pili kwa maelezo ya maandishi. Lakini mzee alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa saini, akapelekwa ghalani kupokea mizigo. Nilimfuata huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Siku nyingine uniulize kwanza."

Bora angenitukana. Nilirudi ofisini naona haya hata kukaa, nikiapa moyoni kwamba kesho nitasema ukweli. Kesho yake meneja akaniita, akanisifu mbele ya wote kwa jicho langu kali, akasema saini ya mzee sasa itashikwa na mimi.

Nikasema asante.