Leso Yangu ya Shingoni

Uvimbe wa shingoni niliusingizia mkanda wa kikapu cha majani chai. Nikaushonea mkanda kitambaa laini, na uvimbe nikaufunika kwa leso, daktari mimi! Miezi ikapita bila kupungua, nikaenda kliniki; wakavuta usaha kwa sindano, wakaupima kwa mashine: TB.

"Lakini sikohoi!" nikabisha.

Wenzangu kwenye benchi la kusubiri dawa za TB wakacheka. Mama mmoja akasema hata yeye hakohoi: MRI ilionyesha pingili za mgongo zimeliwa, na kipande cha mfupa kilipopimwa kikawa na TB. Mzee naye, skani ilikuta maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Yakatolewa, yakapimwa, TB vilevile.

Miezi yote hiyo, pale kituo cha kupimia majani chai, nilimkimbia kila aliyekohoa, nikijiziba pua kwa leso ileile iliyoficha uvimbe wangu.