Mapatano ya Watiri na Baba Kinya

Watiri hushona sare za shule katika duka dogo la kukodi mjini Nyeri. Gatobu, aliyekuwa mumewe, huuza mchele mjini Wang'uru. Walipoachana hawakurushiana maneno makali, ila ahadi za Gatobu zilikuwa za mdomo tu, na binti yao Kinya alikuwa ameshaingia gredi ya pili. Watiri akafungua kesi katika Mahakama ya Watoto.

Kabla kesi haijasikizwa, wakaelewana wenyewe. Waliandika ukurasa mmoja: mtoto akae kwa mama, baba atoe matunzo ya kutosha, amwone mtoto inapofaa. Wakampelekea wakili Wamae.

Wamae akausoma, akavua miwani. "Mmeelewana vizuri, lakini karatasi hii haiwezi kumbana mtu. 'Ya kutosha' ni ngapi? 'Inapofaa' ni lini?"

Gatobu akamgeukia Watiri. "Mama Kinya, kwani unaniona mdanganyifu?"

"Hapana, Baba Kinya. Unasahau tu. Hata mimi nasahau."

Gatobu akacheka kidogo, wakaanza upya. Alieleza kwamba mchele hauuziki sawa kila mwezi, asije akaandikiwa asichoweza. Wakaafikiana shilingi elfu nane, kufikia tarehe tano ya kila mwezi, kwa simu ya Watiri. Karo ataipeleka mwenyewe shuleni kabla muhula haujafunguliwa. Gharama za hospitali watagawana nusu kwa nusu kwa risiti. Mambo makubwa ya mtoto wataamua pamoja. Jumamosi ya pili na ya nne, saa tatu asubuhi, Gatobu atamchukua Kinya pale dukani na kumrudisha Jumapili saa kumi. Likizo watagawana sawa.

"Na asipolipa, mtoto haendi," Watiri akaongeza.

Wamae akaweka kalamu chini. "Hilo siliandiki. Mtoto si rehani. Asipolipa, unarudi kortini na amri yako, aitwe aeleze kwa nini asichukuliwe hatua. Lakini kumwona babake ni haki ya Kinya."

Watiri aliona aibu, kisha akahisi ametuliwa mzigo: hatalazimika kuwa askari wa mtu.

Wakatia sahihi, Wamae akayapeleka mapatano kortini. Siku ya kutajwa kesi, hakimu aliuliza kila mmoja kama ameyasoma na kama amelazimishwa. Wote wakasema wamekubali kwa hiari. "Basi mapatano haya sasa ni amri ya mahakama," akasema. Siku chache baadaye kila mmoja alipata nakala yenye muhuri.

Mwezi wa kwanza pesa ziliingia tarehe nne. Jumamosi ya pili Gatobu alifika saa tatu kasorobo, akasubiri nje hadi Kinya alipomaliza chai.

Walipoondoka, Watiri alifunga duka mapema, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili, akaenda kusukwa nywele. Akiwa kitini, simu ikalia. Ni Gatobu.

"Mama Kinya, mtoto huvaa kiatu namba ngapi siku hizi?"

"Thelathini na moja," akajibu. "Mnunulie vya kufunga kamba. Ameshajua kufunga."