Ndizi Yenye Mapigo ya Moyo

Nilipokuwa nauza saa janja Kariakoo, mama mmoja wa ofisini Posta alinichosha kwa kudai picha za kuthibitisha kama saa ni orijino. Nikamtumia kishikizo cha mkanda, akasema hakina nembo. Nikamtumia boksi, akasema maandishi yamechapwa kwa wino uliofifia. Nikachukia. Nikaivalisha saa ndizi yangu ya mchana, mkanda ukakaa vizuri, nikapiga picha na kumtumia: "Shikamoo mama, hii orijino kabisa."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndizi moyo wake unapiga sabini na nane?"

Nikatazama kioo. Kweli! Taa za kijani mgongoni mwa saa zilikuwa zinaipima ndizi.

Nikaivua saa, nikaimenya ndizi, nikala kwa hasira. Mezani, bila kuvaliwa na chochote, saa ikasoma themanini.