Daktari wa Vidole na Miguu ya Mama Yake

Nimetembea sana, nimelala kwenye baraza za watu wengi, na si desturi yangu kumdharau mtu. Lakini huyu nitamdharau, Mungu anisamehe, maana nilikaa kwake miezi miwili nikimtengenezea milango, na yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusakafia. Kwa hilo hakuwa na mpinzani. Akipiga saruji kwenye nyumba ya mtu, unaweza kumwaga maji ukayaona yanatembea polepole kama mgeni mwenye adabu. Nyumbani kwake sasa! Vumbi. Vumbi jepesi la kuzama mpaka kifundo, lenye nyufa pembezoni, na mbwa wake amelala katikati kama mwenye nyumba. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, ila mfinyanzi wao angalau alikuwa na aibu kidogo.

Kilichompa kiburi lakini si saruji. Kilikuwa pini. Aliivaa kwenye ukosi wa shati kama nishani, na mtaa mzima ulimwita Daktari wa Vidole, kwa sababu alijua kuchokonoa funza. Majirani walimjia jioni, wakaketi kwenye kigoda mle ndani, wakanyoosha mguu. Yeye anaifuta pini kwenye suruali, anakitafuta kile kidoti cheusi kwenye uvimbe mweupe, anachoma, anakamua. Kile kifuko cheupe cha mayai kikitoka anakiinua watu wakione.

"Mwoneni! Mnene huyu, alikuwa anakula kodi ya nyumba!"

Watu wanacheka, naye anakirusha chini, anafuta pini kwenye suruali, anaita mwingine. Wengine walichechemea wakija na kuchechemea wakirudi, na kila mmoja alimshukuru. Nilikuwa nikitazama, nikasema moyoni, huyu bwana anawakata miguu wenzake kwa kipande cha chuma, nao wanampa asante.

Mle mle ndani alikuwa mama yake mzazi, bibi mwembamba mwenye ulimi mkali. Alilala kwenye mkeka, juu ya vumbi. Kila wiki mwanawe alimchokonoa, na kila wiki funza walirudi, wengi kuliko wa wiki iliyopita. Nyayo zake zilikuwa zimejaa matundu kama chujio. Kisigino cha kushoto kilianza kuoza na kutoa harufu. Alitambaa kwenda chooni.

"Mama ana damu tamu," Daktari alisema, akijisifu mpaka kwenye ugonjwa.

"Damu yangu si tamu wala chungu," bibi alijibu kutoka mkekani. "Wewe ndiye umenizoea kama shamba lako."

Mke wa Daktari hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwuza mboga, na asubuhi moja alimbeba mkwewe mgongoni akampeleka zahanati bila kumwambia mumewe. Walirudi na mhudumu wa afya, binti mwenye mkoba na viatu vya kufunika, ambaye hata salamu zake zilikuwa na haraka.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye daktari?"

"Marahaba. Ndimi."

"Hii ndiyo pini yako?"

"Miaka kumi na moja, binti yangu. Haijawahi kunisaliti."

"Umechoma nayo miguu mingapi?"

Daktari alicheka. "Nani anahesabu?"

"Hujui. Basi hujui pia nani kati yao ana homa ya ini, nani ana virusi vya ukimwi. Pini inajua. Inabeba damu ya huyu, inampelekea yule, na suruali yako haiui kitu. Hata pepopunda unaweza kumwachia mtu kwenye kidonda." Akaniangalia, kana kwamba mimi mgeni ndiye wa kusikiliza. "Ukilazimika kumtoa funza mmoja, ngozi inasafishwa, sindano inakuwa safi na ni ya mtu huyo peke yake, anatolewa mzima bila kupasuka, kisha kidonda kinapakwa dawa. Bibi huyu ana zaidi ya arobaini. Huwezi kumchokonoa arobaini."

"Basi utawatoaje?" Daktari alisema kwa kebehi. "Utawaomba watoke?"

Binti alitoa chupa ya mafuta ya dawa, mepesi kama maji. Alimwosha bibi miguu kwa sabuni na maji, akaikausha, akayapaka kwenye kila kidoti cheusi, akasubiri, akapaka tena, akasubiri, akapaka mara ya tatu. Kile kidoti, alisema, ndio mkia wa funza, ndio pua yake. Mafuta yanaziba pumzi. Atakufa mwenyewe, akauke, mwili umsukume nje.

"Mafuta?" Daktari aliangua kicheko. "Kwani tunamkaanga mama?"

Hakuna aliyecheka naye. Binti alikuwa ameinama, anatazama vumbi chini ya kigoda.

"Baba, ukishawakamua, unawatupa wapi?"

"Hapo chini. Wapi tena?"

"Na mayai?"

Daktari aliinama naye akatazama. Binti alieleza polepole, kwa dharau iliyonifurahisha. Jike la funza lina mayai mengi. Yakianguka kwenye vumbi kavu, siku chache yanaanguliwa, viwavi wanakula uchafu wa mavumbini, na baada ya wiki tatu hivi funza wapya wanaruka. Wa kwanza kupatikana ni yule anayelala chini, na mbwa anayelala pembeni yake.

Mkewe akamgeukia mumewe. "Kumbe unavuna na kupanda palepale! Kila jioni unamrushia mama yako mbegu, halafu asubuhi unashangaa shamba limeota."

"Mimi nilikuwa nawasaidia watu," alisema, na sauti ikawa ndogo kama ya nzi ndani ya chupa.

Bibi alirudishwa zahanati jioni hiyo, mganga wa zamu alipofika, kisigino kikasafishwa, akapewa vidonge na sindano ya kuzuia pepopunda. Mganga alisema wazi kwamba akirudi kulala vumbini atapoteza kidole, labda viwili. Ndipo mke wa Daktari alipotoa amri, na kwa mara ya kwanza niliona mwanaume mzito akitii haraka.

Mkeka uliondoka, kikaletwa kitanda. Maji yalinyunyizwa vumbi lisipae, pakafagiwa pembe zote, taka zikachomwa. Mbwa alitolewa chumbani, akapakwa dawa makuchani huku aking'ata nusu ya mtaa. Na yeye fundi, kwa siku nne, alisakafia nyumba yake mwenyewe kwa saruji iliyobaki kwenye pipa kavu nyuma ya nyumba tangu mwaka uliopita, ambayo siku zote alisema haitoshi. Ilitosha. Nilimsaidia kuchanganya, na sikumwambia neno la kumfariji.

Majirani walipokuja jioni na miguu yao, mkewe aliwaelekeza zahanati, na kila mmoja alirudi na somo: osha miguu kila jioni, vaa viatu, fagia nyumbani kwako. Wengine walilalamika kwamba Daktari alikuwa hacheleweshi mtu. Watu ndivyo walivyo. Mtu akiwaumiza kwa tabasamu wanamwita hodari.

Wiki ya pili bibi alipakwa mafuta tena kwa wale funza waliochipuka karibuni. Wiki ya tano kisigino kilifunga. Asubuhi moja aliomba viatu. Alisimama akishika ukuta, akatembea chumbani kote bila msaada, akatoka kwa mlango nilioutengeneza, akavuka barabara mpaka kwa jirani.

Mwanawe alisimama mlangoni, akingoja sifa.

"Mama! Umeona sakafu?"

Bibi aligeuka akiwa upande wa pili wa barabara, akampungia mkono.

"Nimeiona, mwanangu. Sasa naenda kuwahesabia majirani ilichukua miaka mingapi."